Moteri Ndani ya Paka

Wiki ile nilikuwa sikai. Nikikaa kwenye kiti nasimama, nikisimama nasahau nimesimama kwa ajili gani, naingia chumbani, natoka, nafungua mlango wa nyuma, naufunga. Mizigo yangu ilikuwa nusu imefungwa, nusu imetapakaa kitandani, na boti ya Moba ilikuwa ya siku yoyote. Ndiyo kawaida ya boti zetu: leo wanakwambia kesho, kesho wanakwambia mafuta bado. Kule Moba nilikuwa nimepata darasa langu mwenyewe, baada ya miaka ya kuziba nafasi za walimu wagonjwa hapa Kalemie, na nilikuwa nimeshakubali. Kilibaki kitu kimoja tu. Nilitaka kujua kama naweza kumwacha baba yangu peke yake nyumbani.

Kusema kweli nilitaka jibu liwe ndiyo. Kwa hiyo kila kitu nilichokiona nyumbani nilikitazama kwa jicho hilo. Baba anaamka? Anaamka. Chakula ninachomwachia mezani alfajiri, nimekifunikia sahani nyingine juu, ninakuta kimeisha ninaporudi kutoka shule? Kimeisha, sahani safi. Nikimuuliza, "Papa, uko namna gani?" anajibu nini? "Niko bien, mama. Bien kabisa." Ndivyo anavyoniita tangu utotoni, mama, kama baba wengi wa huku wanavyowaita binti zao. Basi nilijiambia, mzee yuko sawa, wacha niende.

Kilichoniharibia hesabu ni paka.

Paka huyo alikuwa wa marehemu mama. Mama alikuwa anaanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, na kuzihifadhi kwenye magunia katika chumba cha nyuma, na mtu mwenye ndagala bila paka anawafugia panya wa mtaa mzima. Mama alipotuacha, masika yaliyopita, magunia yaliisha na paka akabaki bila kazi. Akahama chumba cha nyuma, akahamia mapajani kwa baba. Asubuhi mpaka jioni, yule kwenye kiti chake cha mbao pale barazani, yule juu yake, ananguruma.

Lazima niseme kitu kuhusu masikio ya baba, la sivyo hamtaelewa. Baba alikuwa fundi wa treni maisha yake yote, kule depo. Kelele za moteri zilimla masikio. Ukimsemesha kwa sauti ya kawaida anatabasamu tu na kuitikia kwa kichwa, na hapo ujue hajasikia hata neno. Nyumbani kwetu tunapiga makelele, mpaka majirani wapya wanadhani tunagombana kila siku. Mara nyingine wanadhani vizuri. Lakini moteri yenyewe anaisikia mpaka leo. Kazini alikuwa anachukua tournevis ndefu, bisibisi, ncha anaigusisha kwenye chuma cha moteri, mpini anauweka kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, anafumba macho. Halafu anakwambia ni kipande gani kinakufa. Wenzake walimheshimu kwa hilo, na yeye alijiheshimu zaidi.

Sasa baba alimsikia paka vilevile. Alikuwa anamwinua, anamlaza begani, anaweka ule mfupa wa nyuma ya sikio kwenye mgongo wa paka, anafumba macho. Sauti hiyo ilikuwa kitu pekee nyumbani ambacho hakuhitaji kupigiwa makelele ili akipate.

Bon. Siku hizo paka akaanza kunitia wasiwasi. Hakuruka tena juu ya ukuta. Alijificha chini ya kitanda cha baba, na baba alipomtoa na kumweka mapajani alikaa amejikunja tu, macho nusu. Manyoya yake yalikuwa yameshikana, yeye aliyekuwa anajilamba mpaka anakera. Nilimwekea ndagala mbichi, za siku hiyohiyo, akanusa na kugeuza uso. Paka anakataa ndagala! Hapo nikasema, huyu anaumwa.

"Aka!" baba akasema. "Anaumwa wapi? Sikia ralenti hii!"

Ralenti ni ile sauti ya moteri iliyowashwa lakini gari imesimama. Baba alimwinua paka, akamleta karibu na sikio langu kwa nguvu, nikasikia: rrrr, rrrr, bila kukatika.

"Moteri yenye shida inakohoa," akasema. "Inarukaruka. Inatoa moshi. Hii? Hii inakupeleka mpaka Kongolo bila kusimama. Mutu wa kazi anajua. Ralenti ikiwa nzuri, unaacha moteri, hauigusi."

"Papa, paka si moteri!"

"Eh?"

"NIMESEMA PAKA SI MOTERI!"

"Usinipigie makelele. Najua paka si moteri." Akamrudisha mapajani. "Lakini iko inatembea bien."

Yo! Mzee huyu. Moto uliniwaka mpaka nikatoka nje nikaanza kufagia uwanja niliokwisha kuufagia. Na kilichonikasirisha hasa ni kwamba alikuwa na hoja. Mimi pia nilijua, kama kila mtu anavyojua, kwamba paka akinguruma amefurahi. Mtoto wa darasa la kwanza atakwambia hivyo. Sasa paka mgonjwa anafurahia nini? Nilimgusa kichwani, akanguruma zaidi. Mkono wangu ulihisi mwili wake una joto. Halafu nikawaza boti. Kama paka huyu anakufa na mimi nikiwa njiani, baba atabaki na nani? Nilikuwa nahangaika hivyo kwa ajili ya paka. Nikajionea aibu, kisha nikakasirika tena.

Kesho yake asubuhi boti ilifika. Nilisikia kwa watu waliotoka bandarini: inashusha mizigo, inapakia, itaondoka mchana. Nikachukua kikapu cha sokoni, nikatandika kitenge ndani, nikaenda kumchukua paka mapajani kwa baba bila kuomba ruhusa. Akanguruma nilipomweka kikapuni. Hata hakupigana, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Unamupeleka wapi?"

"KWA VETERINERI!"

"Yule wa mbuzi? Yule anachomaka mbuzi sindano, njo atasikiliza moteri?" Lakini alikuwa anatafuta viatu vyake. "Ngoja. Ngoja, nakuja. Atakudanganya."

Si mbali. Mtu mwenye miguu mizima anafika kabla jasho halijamtoka. Lakini siku ile baba alikuwa anasimama kila baada ya nyumba chache, anashika ukuta wa watu, anajifanya kutazama kitu. Nilidhani ananichelewesha makusudi. Nilimsubiri huku nikibadilisha kikapu mkono huu na mkono huu, na kila nilipotazama ziwa niliiona ile boti, na watu wadogowadogo wanapanda na magodoro vichwani. Nilitamani kulia. Nilitamani pia kumkalipia mtu, na hapakuwa na mtu mwingine wa kukalipiwa.

Veterineri alikuwa kwenye chumba chake karibu na machinjio, ndiyo ametoka tu kukagua nyama, bado ana mabuti ya mpira miguuni. Nje kulikuwa na mbuzi wamefungwa na wenye mbuzi wamekaa. Alikuwa mwanaume wa makamo, mpole, anayesema polepole, na ukiwa na haraka mtu wa namna hiyo anakuchosha. Alimsalimia baba kwanza, kwa mikono miwili, akamtafutia kiti. Ndipo akafungua kikapu.

"Ah, paka. Hawaniletei paka sana," akasema. "Wanangojaka afe, wanachukua mwingine."

Akamlaza paka mezani, akaweka masikioni kile chombo cha kusikilizia moyo, akakigusisha kifuani kwa paka. Akakunja uso. Akakisogeza. Akakunja uso tena.

"Sisikii kitu. Nasikia mashine ya kusaga mihogo tu."

Baba hakusikia maneno, lakini alielewa kile kidole kilichoonyesha koo la paka na kile kichwa kilichotikisika. Akanitazama kwa furaha kubwa. "Unaona? Inatembea!"

"Inatembea, Papa, lakini inanifunikia moyo na mapafu," veterineri akasema, sasa kwa sauti kubwa, maana alishamjua mtu wake. "Ngoja nimuzimishe kidogo."

Nikafikiri atamchoma sindano. Hapana. Alivuta beseni, akachukua bidon ya maji, akaanza kuyamimina kutoka juu, taratibu, karibu na masikio ya paka. Maji yakalia kwenye beseni. Paka akainua kichwa, akageuza masikio, na ile sauti ikakatika, palepale. Veterineri akainamia haraka na chombo chake, akasikiliza moyo, akasikiliza mapafu, huku akinionyesha kwa jicho niendelee kumimina. Nilimimina. Nilisikia kimya kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na katika kimya kile yule paka alionekana anaumwa sana.

"Mapafu mazuri," akasema. "Moyo unakimbia." Akapima joto. "Eh, huyu anaungua." Kisha akaanza kumpapasa, shingo, mbavu, tumbo, miguu, mpaka mkono wake ulipofika pale mkia unapoanzia. Paka akageuka na kutoa meno. Veterineri akatenganisha manyoya. Chini yake palikuwa na uvimbe mkubwa kuliko limau, ngozi nyekundu inang'aa, na katikati makovu madogo sana, ya meno.

"Paka mwenzake alimung'ata," akatuambia. "Jino la paka linaingia sana, halafu tundu linafunga juu haraka. Uchafu unabaki ndani. Unakuwa usaha, na usaha unaleta homa. Hii si ya jana."

Baba alikuwa ameinama juu ya meza. Mkono wake haukuwahi kufika kule nyuma. Kila siku alimshika kifuani na begani, kule inakotoka sauti.

Veterineri alinyoa manyoya kwa wembe, akachoma dawa ya ganzi kuzunguka uvimbe, akangoja, akapasua. Sitawasimulia harufu. Mimi nilishika miguu ya mbele, baba alishika kichwa, na wakati usaha unatoka, wakati yule mtu anaosha tundu kwa maji ya chumvi na kulikamua tena, paka akaanza kunguruma. Kwa nguvu. Meza ya mbao ilichukua ule mtetemo mpaka kwenye viwiko vyangu.

Baba akavua kofia yake kwa mkono mmoja. "Iko inatembea," akasema kwa sauti ndogo, yeye ambaye hajui tena kusema kwa sauti ndogo. "Wanamukata na iko inatembea."

"Njo vile, Papa. Wananguruma wakifurahi, na wananguruma wakiumia. Nimeona mama-paka ananguruma anazaa. Nimeona mwingine aligongwa na pikipiki, akanguruma mpaka akakata roho hapa mezani."

Halafu fundi ndani yake akashindwa kuvumilia. "Inatoka wapi?"

Veterineri alikuwa amemaliza kuosha. Alichukua kidole cha baba, kile kinene chenye kucha nyeusi, akakiweka taratibu kwenye koo la paka. "Hapa. Si tumboni, si kwenye moyo. Kwenye koo, pale sauti inapita. Kuna mlango mudogo. Unafunga na kufungua mbio sana, hauwezi kuhesabu, na hewa inapita katikati. Sema mmmm, Papa."

"Mmmmm," baba akasema. Mbuzi mmoja nje akamjibu.

"Bon. Sasa endelea kusema huku unavuta pumzi ndani."

Baba akajaribu. Akatoa mlio wa kukwama, akakohoa. Na mimi nikajaribu, Mungu anisamehe, pale mbele ya watu na mbuzi wao, nikakwama vilevile.

"Munaona? Sisi tunasema pumzi ikitoka. Yeye ananguruma ikitoka na ikiingia. Njo maana hausikii ikikatika."

Uso wa baba ulifunguka. "Admission na échappement! Kuingiza na kutoa!" akapiga kelele. "Zote mbili zinafanya kazi!"

"Voilà."

"Na nani anasukuma mlango?"

"Hapo wenye kusoma bado wanabishana. Wamoja wanasema ni misuli midogo ya koo, ubongo unaiamuru ikaze, ilegee, ikaze, ilegee. Wengine wanasema hapana, zile nyama za sauti za paka zina uzito ndani yake, upepo ukipita tu zinacheza zenyewe. Labda wote wana haki kidogo. Mimi nachinjisha ng'ombe, Papa, siwezi kuwaamulia."

Mimi nilikuwa natazama mlango. Kule nje, kutoka bandarini, honi ya boti ililia, ya kwanza, ile ya kuwaambia watu wajikaze. Nikauliza kwa ukali kuliko nilivyotaka, "Lakini kwa nini? Mtu anaumia, kwa nini atoe sauti ya furaha?"

"Nani alikwambia ni sauti ya furaha, mama?" Alisema bila ubaya, anapangusa mikono. "Tazama kinaanzia wapi. Kitoto cha paka kikizaliwa hakioni, hakisikii. Mama yake ananguruma, kinahisi mtetemo, kinajua titi liko wapi. Baada ya siku chache na chenyewe kinanguruma kikinyonya. Kinasema nini? Mimi siko ndani yake. Lakini ningesema ni hivi: niko hapa, usiondoke. Akiwa mukubwa anakuambia hivyo akishiba. Anakuambia hivyo akiumia. Labda anajituliza pia, kama mutu anavyojiimbia njiani akiogopa. Wako wanaosema mtetemo unasaidia mifupa kuunga. Hilo bado halijahakikishwa, nisiwadanganye."

"Basi mutu atajua namna gani?" baba akauliza. Hakuuliza kama fundi sasa. "Kama ralenti haisemi kitu, mutu atajua namna gani?"

"Usisikilize sauti tu. Tazama mambo mengine. Anajilamba? Analala wapi, kwenye kiti chake ama amejificha? Anaruka? Na kwanza kabisa, anakula?" Alikuwa anajaza sindano ya penisilini. "Nieleze, Papa. Huyu alikuwa anakulaka nini? Na alikataa tangu lini?"

Baba akafurahi, maana hapo palikuwa na kitu anachokijua. Akakaa sawasawa kwenye kiti, kofia mapajani.

"Huyu? Huyu anakulaka kuliko mutu! Wiki ile ya mvua kubwa nilimupa samaki ya mugebuka nzima, na mchuzi wake, alimaliza mpaka kichwa. Siku ya pili yake kuku, mguu na shingo. Maharage hapana, maharage nilitupia bata wa jirani. Kuhe ya nazi..."

Kuhe ya nazi. Mimi niliipika kuhe ile, samaki mnono wa ziwani. Nazi niliitafuta soko zima, ilikuwa imetoka Kigoma, na niliipika kabla ya jogoo kuwika kwa sababu baba anaipenda.

"...kuhe alilamba mpaka sahani. Sahani ilikuwa safi, hata kuosha haina maana. Halafu sangala, njo hapo alianza kukataa. Akanusa tu. Nikaita bata. Tangu hapo bata njo wanakula. Bukari, samaki, yote bata."

Veterineri alikuwa amesimama na sindano mkononi. Hakumtazama paka. Alimtazama baba, shingo, mabega, mikono, vile alivyokuwa amemtazama paka alipofika, kisha akanitazama mimi. Akaniachia mimi niseme. Alikuwa mtu mwenye heshima.

Nilihesabu sufuria zangu moja moja, mugebuka yangu, kuku wangu, kuhe yangu. Nikaona sahani zote zile safi nilizozikuta mezani nikasema asante Mungu mzee anakula. Nikaona kola ya shati lake, mtu angeweza kuingiza ngumi katikati ya kola na shingo. Nikaona ukuta wa watu aliokuwa anaushika njiani. Nilikuwa nimemuona kila siku, eh Mungu wangu, kila siku! Hasira zilinipanda, halafu zikakosa pa kwenda.

"Papa," nikasema. Hakusikia. Nikamshika mkono, akanigeukia. Alinitazama akaelewa kwamba kuna kitu, na papo hapo akaanza, kwa sauti yake ileile nzito, isiyopanda wala kushuka: "Niko bien, mama. Usihangaike. Wende tu na boti yako, mimi niko bien kabisa, paka atapona, tutakaa naye, niko..."

"PAPA. NYAMAZA KIDOGO."

Akanyamaza. Wenye mbuzi nao wakanyamaza.

Nilichuchumaa mbele yake ili aone mdomo wangu. Nikamuuliza bila makelele, "Una shida gani na chakula changu?"

Alitazama kofia yake. Aliigeuza, akaigeuza tena. Nilidhani hakusikia, nikawa nafungua mdomo kurudia.

"Chakula kizuri," akasema. "Unapika bien kuliko mama yako, usimuambie mutu. Njo vile... Tulikulaka sahani moja, siye na mama yako. Tangu tunaoana. Sasa nafunua ile sahani, nakaa pale, naona ni nyingi. Najua mukono mwingine hautakuja. Kula peke yangu sijui, mama. Nilijaribu. Sijui namna wanafanya."

Honi ililia mara ya pili.

Veterineri alimchoma paka sindano kwenye ngozi ya shingo, akatuonyesha namna ya kuosha kidonda asubuhi na jioni, kikae wazi kitoe uchafu kabla hakijafunga. Akatuonya tusimpe paracetamol kwa sababu ya homa, dawa ya watu ile inaua paka. Alisema atapona. Baba alisikia hilo bila kupigiwa makelele. Wakati tunatoka, veterineri alinishika kiwiko, akasema kwa sauti ya chini kwamba Papa naye aende hospitali wamtazame, wampime damu, asiwe na kitu kingine. Nikasema ndiyo. Niliita pikipiki, nikampandisha baba katikati, mkono wangu ukazunguka mbavu zake, na nilizihisi zote kupitia shati.

Nyumbani sikukimbilia mizigo. Nilimpigia simu mkuu wa shule ya Moba nikiwa naosha mikono, nikamwambia sitafika na boti hii. Akauliza nitafika na ipi. Nikamwambia ile ambayo itatubeba wawili na paka, kama bado ananitaka. Akasema atanipigia. Mpaka saa ile sikujua kama nimepoteza darasa langu, na lilikuwa linaniuma, siwezi kusema uongo. Lakini niliwasha makaa.

Nilipika mugebuka kwa nyanya, na bukari, ugali wetu. Sikufunika kitu kwa sahani ya pili. Nilipakua yote kwenye sahani moja kubwa, ya mama, nikaiweka katikati, nikavuta kiti. Mimi sili hivyo, kwa kawaida nakula nimesimama jikoni, mguu mmoja uko nje. Paka alikuwa amelala kwenye kitenge chake karibu na makaa, hangurumi, amelala tu, na baba alimtazama mara kwa mara ubavuni, kama unapanda na kushuka.

"Boti yako?" akauliza.

"Itaenda."

"Na wewe?"

"NINAKULA KWANZA!"

Akatikisa kichwa. Alimega bukari, kidogo sana, akaichovya kwenye mchuzi, akatafuna muda mrefu. Nikamega na mimi. Mkono wake, mkono wangu. Magoti yangu chini ya meza yalitaka kuinuka na nikayakataza. Alimega tena. Tulipofika katikati, alimgeuza samaki, akakata kichwa chake kwa vidole, taratibu, bila kufikiri, na akakisukuma kwenye upande wangu wa sahani.

Mimi kichwa cha samaki sikili. Tangu mdogo, macho yale yananichafua roho, na baba anajua. Kisha mkono wake ukasimama pale kwenye sahani, naye akaona alichofanya, na kwa nani alikuwa anakifanya miaka yote. Alitaka kukivuta kirudi.

Nilimuwahi. Nilikichukua, nikakila chote, na macho.